Hamira, inzi wa ndizi au samaki pundamilia: nani aulizwe habari za floraidi?

Swali: "Shikamoo Daktari. Ninasoma shahada ya uzamili, na nyumbani ni Usa River, karibu na Arusha, ambako maji yana floraidi nyingi. Nataka kujua floraidi hiyo inaiharibu seli kwa njia gani, na kwa nini watoto wawili wa nyumba moja wanakunywa bomba moja, mmoja miguu inapinda na mwenzake yuko salama. Msimamizi wangu anataka nitumie hamira, mwenzangu ananivutia kwenye inzi wa matunda, lakini moyo wangu uko kwa samaki pundamilia. Nina miezi kumi na maabara ndogo. Nichague yupi?"

Marahaba. Kwa nusu ya kwanza chukua hamira, na usione haya kwamba ni kitu cha mandazi. Nusu ya pili, ile ya watoto wawili, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu atakayeimaliza. Samaki anagusa kipande chake tu. Inzi mwache, na anayekwambia hivyo amekaa na inzi miaka kumi na moja na bado anawapenda.

Watu wengi huchagua kwa kuuliza ni mnyama gani anafanana zaidi na binadamu. Kwa kipimo hicho samaki atashinda kila siku, kwa kuwa ana moyo, figo, ini na uti wa mgongo. Mimi huuliza kwanza jambo ninalolitafuta linatokea wapi, ndani ya seli moja au kwenye kiungo kizima. Kisha nauliza kama kiumbe huyo anayo sehemu hiyo, na ninaweza kupata wangapi kwa wiki. Tuipitishe floraidi yako hapo.

Floraidi ikiwa peke yake, yenye chaji, haipiti kirahisi kwenye utando wa seli. Ikikutana na asidi hujishikiza kwenye haidrojeni na kuwa HF, ambayo haina chaji, nayo hupenya. Ndani ya seli hakuna asidi kali, kwa hiyo HF inaachana tena, na floraidi inabaki imefungiwa ndani kama panya aliyeingia ghalani akanenepa, tundu likawa dogo. Humo inakorofisha vimeng'enya vinavyotegemea magnesi, kama enolasi ya kuvunjia sukari na pairofosfatasi. Ukienda kupima sukari hospitali na damu yako ikatiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ndani ya kichupa kile mna floraidi ya sodiamu, ili seli za damu zisiendelee kula sukari kabla haijapimwa. Enolasi unayo wewe, anayo inzi, anayo samaki, na hamira anayo pia. Kwa hiyo jambo lako la kwanza linatokea ndani ya seli moja. Kumfuga samaki ili kuliona ni kukodi lori kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Hamira ana ziada nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Yale walionyesha kwamba bakteria wengi wana swichi ya RNA inayoihisi floraidi na kuwasha protini za kujikinga nayo. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba hamira naye ana mlango wa kuitolea nje, protini inayotengenezwa na jeni mbili zinazokaribia kufanana kabisa, `FEX1` na `FEX2`. Ukifuta moja, nyingine inashika kazi na athari inakuwa ndogo. Ukizifuta zote mbili, hamira anakuwa dhaifu mbele ya floraidi takriban mara 1000. Wa kawaida anakua kwenye makumi ya milimola. Aliyefutwa anakwama kabla hata ya kufika milimola 1.

Sasa hapa ndipo wanafunzi wangu hujikwaa. Wanaandika kwenye pendekezo la utafiti kwamba watachunguza `FEX` ili kuelewa ugonjwa wa binadamu. Binadamu hana `FEX`. Samaki pundamilia hana, na inzi hana. Faida ya jeni hizi kwako iko katika kuzifuta: ukishaung'oa mlango ule, unabaki na seli isiyo na njia ya kuitapika floraidi, na kwa jambo hilo moja inafanana na seli yako kuliko hamira wa kawaida anavyofanana nayo. Kisha unaweza kuuliza ni nini kinachovunjika kwanza humo ndani, na ni mabadiliko gani ya jeni yanayoiokoa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unaagiza aina ya maabara, `BY4741` au ndugu zake, ambayo `FEX1` yake imekwisha kufutwa na mahali pake pamewekwa kipande cha `kanMX` kinachompa hamira uwezo wa kustahimili dawa iitwayo G418. Wewe unaifuta `FEX2` kwa alama ya dawa tofauti. Uwe macho, kwa sababu jeni hizi zinafanana mno na zote ziko karibu na ncha za kromosomu, mahali ambapo maandishi ya DNA hujirudiarudia. Kipande chako cha kufutia kinaweza kwenda kuingia mahali pa `FEX1` badala ya `FEX2`, nawe ukafurahia koloni lililokua kwenye dawa. Utajua kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA, inayoanzia ndani ya alama mpya na kutoka nje mpaka kwenye kipande cha DNA kisicho na pacha. Na koloni lako lazima listahimili dawa zote mbili kwa pamoja. Likipoteza ile ya kwanza, alama mpya imeikanyaga ya zamani. Uthibitisho wa mwisho ni kumrudishia `FEX1` kwenye plasmidi, kiduara cha DNA cha kubebea jeni. Akipona, udhaifu ule ulikuwa wa mlango kweli.

Kisha jaribio la matone. Yeyusha gramu 2.1 za floraidi ya sodiamu, NaF, kwenye mililita 100 za maji safi, upate milimola 500, na uihifadhi kwenye chupa ya plastiki. Kwa mililita 200 za agari, mililita 0.1 ya myeyuko huo inakupa milimola 0.25. Tengeneza sahani zenye 0, 0.05, 0.25, 1, 10 na 50, na kila kiwango kiwe na pacha wake wa chumvi ya kawaida, NaCl, usije ukalaumu floraidi kwa kosa la sodiamu. Punguza hamira mara kumi, mara kumi tena, hatua nne, udondoshe maikrolita 5 za kila hatua na uache siku mbili kwenye nyuzi 30. Hamira anajigawa kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo ukipanda Jumatatu, Jumatano unasoma jibu kwa macho.

Kitu kinachoharibu jaribio hili kuliko vyote ni pH. Nusu ya floraidi huwa HF kwenye pH 3.2 hivi, na kila unapopanda hatua moja ya pH, HF inapungua mara kumi. Kwenye pH 4.5 ni sehemu moja katika 20, kwenye 6.5 ni moja katika 2,000. Agari ya YPD, chakula cha kawaida cha hamira, huwa karibu na 6.5, ila chakula cha kuunga kwa viambato, kisipowekewa bafa ya kuishikilia pH, kinashuka chini ya 5, na hamira mwenyewe anazidi kukitia asidi kadiri anavyokua. Mwanafunzi anabadilisha chakula katikati ya mradi, anaona hamira wale wale wanakufa kwa floraidi ndogo zaidi, anaandika kwamba amegundua jambo. Amegundua asidi tu. Weka bafa ya MES, pima pH ya agari iliyokwisha kuganda, na uiandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Nikupe na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye maabara moja ya hapa Arusha, hamira wetu waliofutwa jeni zote mbili waligoma kukua hata kwenye sahani isiyo na floraidi. Wenzao wa kawaida walijaa kama povu la mbege. Hawa walitoa ukungu mwepesi tu. Tulilaumu agari, tukalaumu inkubeta, mwisho tukasema aina yenyewe imekufa na tukaandika barua ya kuomba nyingine. Siku moja fundi akataja, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba mashine ya kuchuja maji ilikuwa mbovu mwezi wa pili sasa, na chakula kilikuwa kinapikwa kwa maji ya bomba. Piga hesabu: milimola 1 ya floraidi ni miligramu 19 kwa lita, kwa hiyo maji yenye miligramu 5 yanakupa milimola 0.26. Sahani yetu ya sifuri haikuwa sifuri. Tulikinga maji ya mvua, tukapika agari upya, na kufikia Ijumaa hamira walikuwa wamejaa. Kwa wenzetu wa mikoa mingine kosa hilo lingepita bila kuonekana. Mlima Meru, unaotia floraidi kwenye maji yetu, haukusamehe.

Ukishakuwa na sahani unazoziamini, ndipo hamira anapowaacha wengine mbali. Mwaga seli milioni 10 za aliyefutwa kwenye sahani moja yenye floraidi ya kumuua, funga kwa parafilimu asikauke, ungoje wiki. Makoloni machache yatachomoza. Kila moja limebadilika mahali fulani kwa bahati, nawe unataka kujua wapi. Usikimbilie kusoma DNA. Kwanza likuze koloni hilo kwa vizazi kadhaa bila floraidi kisha ulirudishe, kwa kuwa mengine yalijizoesha tu na hayakubadilika jeni. Linalobaki sugu lipandishe na aliyefutwa wa jinsia ya pili, chukua mbegu zake nne nne, uhesabu. Zikiwa sugu mbili na dhaifu mbili, na ziwe hivyo karibu kila fungu, mabadiliko yako kwenye jeni moja. Hapo ndipo unatuma DNA ikasomwe, herufi milioni 12 tu. Seli milioni 10 kwenye kiganja cha mkono. Huwezi kufuga inzi milioni 10, na samaki hata usiwaze.

Pia hamira anagandishwa kwenye gliserini kwa nyuzi 80 chini ya sifuri na akarudi salama baada ya miaka. Ukifiwa, ukiolewa, umeme ukikatika kwa saa chache huku friji imefungwa vizuri, unawakuta. Hili ni jambo la kupima kabla ya kusaini pendekezo.

Mipaka yake nayo ni mikubwa. Ana ukuta wa seli, ana kivungu cha kuhifadhia uchafu, na anaishi kwenye asidi. Seli ya mtu inaogelea kwenye pH 7.4, ambako HF ni kama sehemu moja katika 16,000. Kwa hiyo usichukue kiwango kilichomuua hamira ukakilinganisha na maji ya kata ya Maji ya Chai au na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5. Namba hizo haziongei. Kinachosafiri kutoka kwa hamira kwenda kwa mtu ni utaratibu, yaani kimeng'enya gani kinashikwa na seli inajibu vipi.

Inzi sasa. Kwanza tuelewane jina, maana huku mashambani ukisema inzi wa matunda, mkulima anafikiria yule mkubwa anayetoboa maembe. Wetu ni yule mdogo, macho mekundu, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na mtungi wa mbege. Ni mnyama wa ajabu kwa kazi yake. Kuna mfumo wa tangu 1993 unaokuwezesha kuwasha jeni unayoitaka kwenye tishu unayoitaka, ubongo tu au utumbo tu, na makopo elfu kadhaa ya inzi waliokwisha tengenezwa yanapatikana kwa kuagiza. Swali lako lingekuwa la neva, la usingizi, la namna seli moja inavyoiambia jirani yake iwe jicho, ningekushika mkono nikupeleke kwenye chupa zangu.

Ila hana mfupa wala jino, na seli yake moja haikuambii kuhusu floraidi kitu ambacho hamira hajakuambia kwa bei ndogo. Lipo na tatizo la chakula. Inzi unamlisha floraidi kwa mdomo, na chakula chake ndani yake mna hamira. Floraidi ikimzuia hamira yule, funza anakuwa na njaa; ikimkinaisha inzi, anakula kidogo. Utaona funza wadogo, waliochelewa, na hutajua ni sumu au ni njaa. Njia ya kutenganisha ni kutumia hamira aliyekwisha uawa kwa moto na kuchanganya rangi ya bluu ya chakula, uone matumbo yamejaa kiasi gani. Inawezekana, ila ni mwezi mzima wa kazi kabla hujauliza swali lenyewe.

Na Arusha ya Julai usiisahau. Kwenye nyuzi 25 yai linakuwa inzi kwa siku 10. Kwenye 18 ni karibu siku 20, na chumba kisicho na inkubeta usiku kinashuka chini ya hapo. Tena inzi hagandishwi kama hamira. Kila baada ya wiki chache lazima mtu awahamishe kwenye chupa mpya, Krismasi, Idi na msiba.

Nakuja kwa samaki, ambako moyo wako uko, na moyo haujakosea sana. Ana mfupa wa kweli, na unauona ukijengeka ndani ya mtoto wa samaki aliye wazi kama kioo. Mifupa ya kwanza, kama ule wa bega na kifuniko cha shavu, huanza kukomaa siku ya tatu tangu yai kurutubishwa. Unapaka alizarini nyekundu, inang'ang'ania kalsiamu, na chini ya hadubini unaona vijiti vyekundu. Meno pia anayo, ila yako kooni, mdomoni hamna kitu, na anayabadilisha maisha yake yote. Hana enameli kama yetu. Jeni ya amelojenini, inayojenga enameli ya mtoto wako, kwake haipo. Kwa hiyo meno ya kahawia ya Usa River samaki hatakueleza. Mfupa anaweza kukugusia.

Angeniomba mtu aliye na akwaria tayari, joto la nyuzi 28.5 usiku na mchana, jenereta na miaka mitatu, ningemwambia aende. Wewe una miezi kumi, na samaki anafika utu uzima kwa miezi mitatu. Ukifuta jeni leo, watoto wa kizazi cha kwanza wana mchanganyiko. Wakomae, wazae, watoto wao nao wakomae, ndipo upate mayai yenye nakala zote mbili zilizoharibika. Miezi sita imekwenda kama hakuna kilichokufa. Juu ya hapo mababu wa samaki hawa waliwahi kuzidisha jenomu yao yote, kwa hiyo jeni moja ya mtu wakati mwingine kwao ni mbili, na ukifuta moja pacha wake anafunika, kama `FEX` zilivyofanyiana kwa hamira. Wapo wanaokwepa kungoja kwa kuchoma yai sindano ya kuzima jeni kwa siku chache. Sindano hiyo inaweza kuua seli kwa sababu zake yenyewe, na athari yake mara nyingi hailingani na ya samaki aliyefutwa jeni kweli.

Halafu kuna maji. Mayai hukaa kwenye maji ya E3, yenye kalsiamu milimola 0.33. Kalsiamu na floraidi zikikutana huwa CaF₂, isiyoyeyuka vizuri. Kwa hesabu ya umumunyifu, E3 inafika kikomo floraidi ikiwa karibu miligramu 6 kwa lita. Ukiweka 50 unaweza kuona vumbi jeupe chini ya sahani, na samaki hajapata ulichoandika kwenye lebo. Vumbi lisipoonekana bado usijiamini. Pima kwa elektrodi ya floraidi mwanzo na mwisho wa jaribio. Na ukipunguza kalsiamu ili lisitokee, umeugusa mfupa uleule unaoupima. Bado sijataja kibali cha kuingiza samaki wa kigeni, na maswali utakayoulizwa kuhusu maji machafu yanayoelekea Mto Themi.

Kuhusu watoto wale wawili, usiahidi kitu kwenye pendekezo lako. Kwa panya wa maabara imeonekana tangu 2002 kwamba ukoo mmoja, A/J, unaharibika meno haraka kwa floraidi, na mwingine, 129P3/J, unastahimili, wote wakinywa maji yale yale. Kwa hiyo urithi una sehemu yake, na mnyama wa kuufuata ni panya. Lakini kabla ya jeni, ukifika nyumbani uliza nani alilelewa kwa bibi, jikoni kunapikwa kwa magadi au la, na nani alinyonya muda mrefu. Magadi ya huku yana floraidi yake, na "bomba moja" mara nyingi ni vyungu viwili.

Wiki hii, kabla hata ya kuagiza hamira, chukua maji ya bomba la maabara yako, ya mashine ya kuchuja, na ya mvua kama itanyesha, uyapime yote kwa elektrodi. Ukikuta ya mashine yanazidi miligramu 0.2 kwa lita, mwambie msimamizi wako abadilishe kichujio kwanza, na barua ya kuagiza ingoje.